Stetasi zinatazamwa, simu hailii: mpambaji wa harusi kwenye Kwaresma na Ramadhani

Ukiwa mpambaji wa harusi Dar es Salaam, unazijua zile wiki ambazo kava za viti zinakaa kwenye mifuko na kirikuu haina safari. Waislamu wengi hawafanyi sherehe ndani ya Ramadhani, na parokia na sharika nyingi hazifungishi ndoa za shangwe wakati wa Kwaresma. Mwaka 2018 Ramadhani iliangukia Mei na Juni, kwa hiyo upande mmoja ukifunga, upande wa pili ulikuwa unaendelea na kazi ipo. Lakini Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na sasa imekutana na Kwaresma. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 18 Februari, na mfungo wa Ramadhani ukaanza siku hiyo au kesho yake, kutegemea mwezi ulivyoandama. Mwaka 2027 ni vilevile: Ramadhani inatarajiwa karibu na tarehe 8 Februari, na Majivu ni tarehe 10.

Nimepamba kumbi kwa miaka tisa, na kosa langu kubwa lilikuwa kuamini kwamba wiki hizo hakuna kinachoendelea. Sherehe ndizo zinazosimama. Kamati zinakaa kama kawaida. Harusi ya Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, au ya wiki ya pili ya Mfunguo Mosi, mpambaji wake huchaguliwa katikati ya mfungo, jioni, na watu walioketi sebuleni kwa mtu wakipitisha simu mkono kwa mkono. Kama wiki hizo huonekani, au unaonekana kwa namna isiyowasaidia, jina lako halitajwi.

Kabla hujabadilisha chochote, chukua daftari na kwa wiki mbili andika namba tatu kila siku: stetasi yako ya WhatsApp ilitazamwa na wangapi ilipokaribia kutimiza saa 24, wangapi walikuandikia, na wangapi walilipa advansi. Namba hizo zinaonyesha maji yamekatikia wapi. Watazamaji wakishuka, tatizo liko kwenye njia ya kukufikisha kwa watu. Watazamaji wakibaki palepale lakini hakuna anayeandika, tatizo ni unachoposti. Wakiandika lakini advansi haiji, mara nyingi hakuna tatizo kabisa, ni kamati haijakusanya michango. Nimeona wenzangu wakishusha bei kutibu ugonjwa wa kwanza, na ugonjwa wa kwanza hauna uhusiano wowote na bei.

Dalili: watazamaji wa stetasi wamepungua

Sababu ya kwanza ya kukagua ni ya kawaida sana, nayo ni namba kutohifadhiwa. WhatsApp haimwonyeshi mtu stetasi yako mpaka awe amekuhifadhi kwenye simu yake na wewe umemhifadhi yeye. Brodikasti nayo ni hivyo hivyo: unaweza kuweka watu hadi 256 kwenye orodha moja, lakini ujumbe utamfikia tu yule mwenye namba yako. Kipindi cha harusi hili halionekani, kwa sababu kila Jumamosi unapata watu wapya wanaokutafuta wenyewe. Kazi zikisimama, unabaki na wale waliokuhifadhi kweli, na ndipo unagundua ni wachache.

Namna ya kujua: chagua wateja kumi wa miezi mitatu iliyopita, kisha tafuta majina yao kwenye orodha ya waliotazama stetasi yako kwa siku tatu mfululizo. Wapo wanaozima alama za kusoma, hao huwezi kuwaona hata kama wametazama. Lakini kama katika kumi unawaona wawili tu, wengi hawana namba yako. Dawa ni kuwaandikia mmoja mmoja kwa jambo linalowahusu wao. Mimi huwatumia picha moja ya harusi yao ambayo hawakuwa nayo, kwa kawaida ya meza kuu kabla wageni hawajaingia, na chini yake naandika: "Dada, nimeikuta hii kwenye simu nikaona nikurudishie. Naomba unihifadhi, nikipata nyingine nitakutumia." Karibu wote hujibu, na wakijibu wanakuhifadhi.

Sababu ya pili ni kuposti kupita kiasi. Angalia ile mistari ya juu ya stetasi yako. Ukiweka picha 25 kwa siku, inakuwa vipande vidogo kama mshono wa cherehani, na mtu akiuona mshono huo anajua atakaa hapo dakika mbili. Kwanza anaruka, baadaye anakunyamazisha kabisa. Akishakunyamazisha hutapata taarifa yoyote, utaona namba tu ikipungua. Kipindi cha kazi nyingi watu wanavumilia kwa sababu wanaitafuta harusi waliyohudhuria. Kwenye mfungo hakuna harusi ya kutafuta. Weka mbili au tatu, siku nne za wiki, uziache zipumue.

Sababu ya tatu ni saa. Ramadhani inahamisha siku ya watu. Anayefunga hana muda na simu yako dakika za kabla ya magharibi, yuko jikoni au yuko kwenye foleni ya kununua tambi na kaimati. Mimi naposti baada ya tarawehe, kuanzia saa tatu na nusu usiku, na wanaoamka daku wanaikuta bado iko hai. Pia naondoa sauti ya muziki kwenye video zote za mwezi huo. Video ya bibi harusi akiingia ukumbini na muziki mkubwa, mchana wa Ramadhani, itakufanya unyamazishwe na watu wanaokupenda.

Dalili: wanatazama, lakini hakuna anayeuliza

Hapa ndipo wengi wetu tunakwama, na sababu yake hasa ni kwamba tunaendelea kuwapostia walio ukumbini wakati watazamaji wako kwenye kikao.

Fikiria kamati inavyofanya kazi. Kwanza inapata tarehe na ukumbi. Kisha inaamua rangi, na rangi inaamuliwa mapema kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kina mama wanahitaji muda wa kwenda Kariakoo kutafuta kitambaa cha sare na fundi anahitaji muda wa kushona. Baada ya rangi ndiyo wanatafuta mpambaji, chakula, emsii na mpiga picha. Mtu aliye kwenye hatua ya rangi ukimwonyesha jukwaa lililokamilika lenye maua mia tano, atasema "maashallah" moyoni na kupita. Hajui gharama yake, hajui kama litaenea kwenye ukumbi wao, na hana cha kukuuliza.

Kwa hiyo kipindi kikavu kinagawanyika kufuata hatua zake yeye. Nieleze nilivyofanya kwa Kwaresma na Ramadhani ya 2026, maana ndiyo mara ya kwanza ratiba ilinikubali.

Nilianza na tarehe za kurudi, nikahesabu kwenda nyuma. Idi ilitarajiwa karibu na 20 Machi, na Pasaka ilikuwa 5 Aprili. Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza ya harusi za kanisani ilikuwa 11 Aprili, na harusi za Mfunguo Mosi zingeanza hata kabla ya hapo. Kwa wateja wangu, kamati inamchagua mpambaji wiki nne hadi sita kabla ya siku yenyewe. Ukitoa wiki sita kutoka 11 Aprili unafika 28 Februari, na ukitoa wiki nne unafika 14 Machi. Siku zote hizo ziko ndani ya mfungo! Mwaka wa nyuma yake, siku kama hizo nilikuwa nimelala, nikisubiri sikukuu ndipo nianze kuposti tena. Nilipoanza, kumbi zote nilizozifahamu tayari zilikuwa na mpambaji wa siku hiyo.

Wiki mbili za kwanza niliposti rangi tu. Nilichukua meza moja ndogo nyumbani, nikaitandika kitambaa cheupe, nikaweka leso ya rangi ya maziwa na ua moja la zambarau, nikapiga picha dirishani saa nne asubuhi. Kisha nikabadilisha leso na ua tu, nikapiga tena kwa kijani cha jani la mgomba na dhahabu. Picha mbili, swali moja: "Sare zenu zikiwa hivi, meza ipi?" Instagram ina kibandiko cha kura kwenye stori, huko watu wanabofya. Kwenye WhatsApp wanajibu kwa kuandika, na huyo anayeandika "ya kijani, ila mama hapendi dhahabu" amekwisha kukwambia kwamba kuna harusi na kuna mama. Huhitaji kumuuzia siku hiyo. Muulize kamati inakaa lini, basi.

Wiki mbili zilizofuata nilihamia kwenye fedha na ukumbi, kwa sababu ndiko vikao vilikuwa vimefika. Posti iliyoniletea maswali mengi kuliko zote haikuwa na ua hata moja. Ilikuwa maandishi meupe kwenye rangi ya kahawia: mambo manne ya kuuliza meneja wa ukumbi kabla hamjalipa. Je, kava za viti zimo kwenye bei au ni za kwenu? Mpambaji anaruhusiwa kuingia saa ngapi, asubuhi au mpaka sherehe ya jana itolewe vyombo? Mishumaa inaruhusiwa? Umeme ukikatika, jenereta inawasha na taa za jukwaa au za dari peke yake? Maswali haya nimeyapata kwa kuumia, na mtu wa kamati akiyaona anayatuma kwenye kundi lao. Posti ya namna hiyo inaingia kwenye makundi ambayo wewe hutaalikwa kamwe, ikiwa na jina lako chini.

Na kwa kuwa Aprili ni masika, niliweka video ya sekunde 40 inayoonyesha tunavyoinua jukwaa kwenye mbao ili maji yasiloweshe kitambaa, harusi ikiwa ya bustanini chini ya hema. Nilikuwa na picha hizo tangu mwaka uliopita, sikuwahi kufikiri zina thamani. Waliouliza baada ya video hiyo walikuwa wachache, lakini wote walikuwa na tarehe na ukumbi mkononi.

Jukwaa lililokamilika nililirudisha wiki ya mwisho kabla ya Idi. Wakati huo lina maana, kwa sababu anayelitazama ameshachagua rangi, ameshapata ukumbi, na anatafuta mtu wa kumwamini.

Dalili: wanauliza bei, kisha kimya

Usilichukulie kama kukataliwa. Anayeuliza bei kwenye mfungo mara nyingi ametumwa na kamati akusanye bei tatu alete kikaoni. Fedha haipo bado, kuna ahadi tu kwenye daftari la mweka hazina. Tunakosea tunapomfuata kila siku na "Dada, vipi, umefikia wapi?" mpaka anaacha kufungua ujumbe.

Mazungumzo yangu huenda hivi. Mtu ananiandikia: "Mpenzi asante kwa bei, ila huu mwezi tumefunga, tutaongea baada ya sikukuu." Namjibu: "Sawa dada yangu, Ramadhan karim. Kikao chenu kijacho ni lini, nikuandalie karatasi ya bei uwapelekee?" Akijibu Jumapili ijayo, kwenye WhatsApp Business namwekea lebo niliyoiita KIKAO, na kwenye daftari naandika Jumatatu yake. Ijumaa namtumia karatasi ya ukurasa mmoja yenye ngazi mbili za bei, na kila kilichomo kikiwa kimeandikwa wazi: viti vingapi, meza ngapi, usafiri umo au haumo. Jumatatu namwandikia mara moja tu: "Kikao kilikwendaje?" Wakiwa hawajaamua, nauliza kikao kijacho na kusogeza tarehe. Kati ya hapo simwandikii chochote, ananiona kwenye stetasi, inatosha.

Kama muulizaji ni mama wa bibi harusi, piga simu. Kina mama wengi wanasoma ujumbe na kujibu kichwani, halafu wanadhani wamejibu. "Shikamoo mama, ni yule mpambaji wa meza ya kijani" imenipa kazi mbili ambazo kwenye maandishi zilikuwa zimekufa.

Dalili: umeishiwa cha kuposti wiki ya pili

Sababu iko miezi mitatu nyuma. Rajabu na Shaabani, na Desemba yote, unapamba mfululizo na unapiga picha moja tu, ya jukwaa, kutoka mlangoni. Ukifika mfungo una picha 30 zinazofanana.

Kila kazi piga vitu vitano ambavyo si jukwaa: ukumbi mtupu kabla hujagusa kitu, mikono ikifunga kitambaa, meza moja kwa karibu, kitu kilichoharibika na ulivyokirekebisha, na ukumbi saa saba usiku mnapofungasha. Viweke kwenye albamu ya pekee kwenye simu, usiposti. Kazi kumi zinakupa picha hamsini, na kwa mwendo wa picha mbili au tatu, siku nne za wiki, zinatosha mfungo mzima wa wiki nne, au zinabaki. Omba ruhusa ya familia siku hiyohiyo kama sura za watu zinaonekana. Kuomba miezi mitatu baadaye ni kazi ngumu, na wapo maharusi wa Kiislamu ambao hawataki kabisa picha ya bibi harusi itoke.

Kama umechelewa na albamu ni tupu, una vifaa. Kufua kava mia tatu, kuzipiga pasi, kung'arisha vinara vya shaba kwa ndimu na chumvi, kupaka upya fremu la jukwaa, haya yote yanaendelea kweli katika wiki hizo, na yanamwonyesha mtu jambo ambalo harusini halioni: kwamba vitu vyako ni visafi.

Dalili: msimu umerudi, kila mtu anadai ofa

Hii niliisababisha mwenyewe. Ramadhani moja nilitangaza punguzo la asilimia 30 kwa atakayelipa advansi ndani ya mwezi. Advansi zilikuja, nne. Lakini mteja mmoja aliyekuwa amelipa bei kamili mwezi wa Rajabu aliiona stetasi, akataka arudishiwe tofauti, na alikuwa na haki ya kuumia. Mfunguo Mosi ulipoingia, mpaka mwezi wa tatu baada ya Idi, watu walikuwa wanauliza "ile bei ya mwezi mtukufu". Nilifanya kazi msimu mzima kwa bei ya ukame.

Ukihitaji fedha ya kodi ya stoo, na tunaihitaji, usiguse bei. Toa kitu ambacho kwenye kipindi kikavu kinakugharimu muda tu: kwenda kupima ukumbi pamoja na kamati bila malipo, au kutandika meza moja ya mfano mbele yao. Au ahidi kwamba atakayelipa advansi sasa anashika tarehe na bei haitapanda maua yakipanda. Andika kwenye posti tarehe ya mwisho ya ahadi hiyo na uiheshimu.

Vifaa vya kukodisha kwa kicheni pati na sendofu ndogo unaweza kuvishusha bei, ila tangaza kwa waliokwisha kukukodi, kwenye brodikasti, si kwenye stetasi.

Ratiba ya 2027, kwa anayetaka kuanza

Pasaka ni 28 Machi, kwa hiyo Jumamosi ya kwanza ya kanisani ni tarehe 3 Aprili. Ukihesabu wiki sita nyuma unafika 20 Februari, na wiki nne ni 6 Machi. Idi inatarajiwa karibu na 9 au 10 Machi, maana yake harusi za Mfunguo Mosi zitaanza wiki tatu kabla ya zile za kanisani, na kamati zake zitachagua mpambaji tangu mwisho wa Januari, Ramadhani haijaandama. Posti za rangi kwa wateja hao ziwe zimetoka kabla ya Januari kuisha, na za kanisani zifuate kuanzia wiki ya Majivu. Albamu ya kuzilisha inaanza kujazwa kwenye harusi za Desemba 2026.